Uzoefu wangu: saa moja ya Kiswahili na Kijerumani kila Jumatano, Moshi

Kwa miezi minne sasa, kila Jumatano jioni, ninakutana na dada mmoja Mjerumani katika mgahawa ulio karibu na mnara wa saa hapa Moshi. Mimi ninaongoza wageni wanaopanda Kilimanjaro na ninahitaji Kijerumani cha kazini, naye anataka Kiswahili cha kuzungumza na majirani zake. Tunatega kengele ya simu: dakika 30 za Kiswahili, kisha 30 za Kijerumani, bila kuchanganya.

Wiki za mwanzo hazikutufaa, na sababu ilikuwa masahihisho. Yeye alinikatiza kila nilipokosea, hata nikasahau nilichotaka kusema. Mimi, kwa adabu niliyolelewa nayo, nilimsifu kila alipofungua kinywa, kwa hiyo akaendelea kusema "viatu yangu imelowa" kwa mwezi mzima. Nilidhani ninamtunzia heshima, kumbe nilikuwa ninamnyima kile alichokuja kukitafuta.

Siku hizi kila mmoja ana daftari. Anayesikiliza huandika sentensi yenye kosa kama ilivyotamkwa na hakatizi ila pale asipoelewa. Dakika nane za mwisho za kila nusu saa ndizo za kusahihishana. Tunachagua makosa matatu tu, yale yanayojirudia. Msikilizaji husoma, "Dada, hii uliisema hivi," kisha hunyamaza, kwa kuwa mara nyingi mtu hulitambua kosa lake akilisikia kwa sauti ya mwingine.

Nilipomweleza jinsi tunavyopanda polepole kwa sababu hewa ni hafifu, nilisema: "Wir gehen langsam, weil die Luft ist dünn." Aliponisomea sikuona kosa. Akaweka kidole juu ya "ist" na kuniuliza neno hilo likae wapi, ndipo nikakumbuka kwamba baada ya "weil" kitenzi huenda mwisho: "weil die Luft dünn ist". Akaongeza jambo lililonifurahisha mno: kama ningetumia "denn", ambalo nalo hutaja sababu, mpangilio wangu ungekuwa sahihi.

Mpango huu una upungufu mmoja, kwamba mwenye lugha huenda asijue sababu ya kanuni yake. Nilimsahihisha "rafiki wangu" kuwa "rafiki yangu", akauliza mbona tunasema "mwalimu wangu". Sikuwa na jibu, nikaliandika swali daftarini badala ya kubahatisha. Jumatano iliyofuata nilimweleza kwamba rafiki, kama mama na kaka, huchukua "yangu" na "zangu" katika umilikaji, lakini kitenzi chake hufuata ngeli ya watu.

Juzi aliniambia, "Rafiki zangu walifika jana kutoka Berlin," akatazama kalamu yangu. Sikuandika kitu.