Jedwali: ujaze ukisoma, au ulichore kwanza?

Chukua aya hii: “Robo ya wanaume walilipa taslimu. Thuluthi mbili ya abiria wote walilipa kwa simu, waliobaki taslimu. Abiria wa matatu za Rongai waliohesabiwa stejini Nairobi walikuwa 240, asilimia 60 wakiwa wanawake.”

Ukijaza huku unasoma, unakwama sentensi ya kwanza. Robo ya wangapi? Wengi hapo huandika 25 ndani ya kisanduku, na baadaye hiyo 25 inajumlishwa kana kwamba ni watu. Njia hii inafaa tu aya ikianza na jumla.

Mimi huisoma yote kwanza, nachora jedwali tupu: wanawake na wanaume kushuka, simu na taslimu kwenda kulia, jumla pembeni. Kisha naanzia 240. Wanawake 144, wanaume 96. Simu 160, taslimu 80. Sasa ile robo ina mwenyewe: wanaume 24 taslimu, hivyo 72 simu. Wanawake wanabaki 56 taslimu na 88 simu.

Jumlisha safu ya simu: 72 na 88 ni 160. Aliyedhani ni robo ya waliolipa taslimu angepata 20, na hesabu zake zingelingana vilevile, kwa hiyo rudi kwenye maneno.