Nilivyoweka "Less" Instagram kwa ajili ya baba mkwe, nikaishia kwenye ubuyu wa wifi

Baba mkwe alipiga simu kwamba anatoka Kondoa, atakaa nasi Dodoma wiki mbili. Mzee anapenda video za ufugaji wa kuku, na simu yangu huishika kama ya kwake. Kabla hajafika nikaingia Instagram kwenye profaili yangu, nikabonyeza vile vistari vitatu, nikafungua `Content preferences`, halafu `Sensitive content`. Hapo kuna ngazi tatu: `More`, `Standard` na `Less`. Ukiwa hujagusa kitu na umri wako ni wa mtu mzima, uko `Standard`. Nikashusha mpaka `Less`.

Kwa kazi niliyoitaka, imenitosha. Ndani ya siku chache ukurasa wa `Explore` ulipoa: vibanda vya kuku, mapishi, mpira. Ila kuna jambo ambalo wengi hawalielewi, nami sikulielewa. Kitufe hiki kinagusa vile tu ambavyo Instagram inakuletea yenyewe bila wewe kuviomba. Kilipoanza Julai 2021 kilihusu `Explore` peke yake. Mwaka uliofuata kikafika kwenye utafutaji, rili, kurasa za hashtegi, akaunti unazopendekezewa na posti za wageni zinazochomekwa kati ya posti za unaowafuata. Uliyemfuata mwenyewe hakimgusi. Kama unamfuata binti wa mavazi ya ufukweni, baba mkwe atamwona tu. Nilikaa nusu saa nikipunguza niliowafuata, na nusu saa hiyo ilisaidia kuliko kitufe.

Sasa ya wifi. Anauza unga wa ubuyu, mzigo anaufuata Mpwapwa. Siku nyingi alilalamika kwamba posti zake zinaonwa na wateja walewale. Jumapili moja nikamwonyesha `Less` yangu, akashtuka: "Kumbe wewe ndiyo unanificha?" Nikamwambia wifi, mimi nakufuata, kwangu unatokea kila siku. Tukajaribu kwa simu ya kijana wake wa miaka 16, ambaye hamfuati mama yake (wanajuana wenyewe). Akiandika jina kamili la akaunti, inatokea. Akitafuta "ubuyu", posti za mama yake hazimo. Na kijana kwenye ngazi zake hana `More`, maana walio chini ya miaka 18 hawapewi, na tangu mwanzo wa 2024 vijana wote waliwekwa kwenye ngazi kali kabisa.

Jaribio la simu moja si ushahidi, matokeo ya kutafuta hutofautiana mtu na mtu. Kwa mwenye akaunti ya biashara ushahidi uko ndani ya mipangilio, panaitwa `Account Status`. Wifi alipofungua, akakuta rili yake moja imetajwa kwamba haipendekezwi kwa wasiomfuata. Haikuwa imefutwa, na akaunti haikuwa na kosa. Maandishi yake: "Ubuyu hupunguza kitambi siku 14."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuna kanuni za aina mbili. Za kwanza zinasema kipi kiondolewe kabisa, na hicho hata ukiweka `More` hakirudi. Za pili zinasema kipi kibaki kwa wafuasi wako lakini kisipelekwe kwa wageni, na humo wamo wanaouza bidhaa kwa madai ya afya, virutubisho vya kupunguza uzito vikitajwa waziwazi. Ubuyu wenyewe hauna shida, shida ni kitambi. Ngazi ya mtazamaji ndiyo inayoamua ni kiasi gani cha hivyo vya kundi la pili kimfikie.

Kurekebisha kulikuwa na usumbufu kidogo. Maelezo ya chini ya posti yanaharirika, lakini "siku 14" alikuwa ameyaandika juu ya video yenyewe kabla ya kuipakia, na hayo hayafutiki. Akaifuta rili, akarekodi upya. Angeweza pia kuomba uamuzi uangaliwe tena, ila kwa maneno yale nisingemshauri.

Upungufu ninaouona kwenye `Less` ni kwamba haichagui mada. Mimi nataka picha za nusu uchi zipungue, sina tatizo na habari za afya, lakini kitufe ni kimoja, vyote vinashuka pamoja. Kwa jambo moja mahususi ni bora kuzuia maneno yenyewe, sehemu ipo kwenye `Content preferences` hiyohiyo, au kubonyeza `Not interested` kwenye posti husika.

Baba mkwe amesharudi Kondoa, nami nimerudi `Standard`. Wifi sasa anaandika hivi: "Unga wa ubuyu, nusu kilo, mzigo mpya. Tunakuletea mpaka stendi ya Nanenane." Kitambi anakitaja kwa mdomo tu, mteja akishafika.