Ubao wa Jira wenye tiketi 4,300: tulivyoupunguzia mzigo

Natumia Jira ya wingu kwa mwaka wa nne sasa. Tuko watu tisa, tunatengeneza programu ya kufuatilia mizigo hapa Dar, na kazi zetu zote ziko kwenye ubao mmoja wa Kanban. Kufikia Februari ubao huo ulikuwa na tiketi kama 4,300. Ukiufungua unasubiri zaidi ya sekunde 20, na ukiburuta kadi inakwama njiani. Kosa lilikuwa letu: tangu ubao uanzishwe hakuna aliyegusa kichujio chake, na mwenzetu mmoja alikuwa amezima ule mpangilio wa kuficha zilizokwisha ili aone kazi zake za zamani.

Nilichelewa kuelewa kwamba ubao wenyewe hauhifadhi tiketi. Ni swali linaloulizwa upya kila mtu anapoufungua, na swali letu lilikuwa `project = MZIGO ORDER BY Rank ASC`, yaani leta kila kitu. Nilipohesabu nilikuta 2,900 zimekwisha na 1,150 zinalala kwenye Backlog. Zilizokuwa mikononi mwa watu ni 250 tu.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa kuongeza `updated >= -14d`. Usifanye hivyo. Tiketi iliyokuwa ikimsubiri mteja kwa wiki tatu ilitoweka ubaoni ingawa bado ilikuwa hai. Kisha mwenzetu akabadilisha lebo za tiketi nyingi za zamani kwa mkupuo, na asubuhi yake zote zikawa zimerudi, maana badiliko lolote dogo linahesabika kama kuguswa. Tukahamia hii:

```
project = MZIGO AND (statusCategory != Done OR resolved >= -14d) ORDER BY Rank ASC
```

Sasa ambayo haijakwisha inabaki hata ikizeeka, na iliyokwisha inaondoka baada ya wiki mbili. Hayo maneno ya Rank mwishoni yaache yalivyo. Ukiyatoa, huwezi tena kupanga kadi kwa kuburuta.

Siku mbili hazikupita, nikaulizwa: "Kaka, tiketi nimeifunga jana jioni, mbona siioni?" Kadi ilikuwa imefika Done kweli, ila sehemu ya Resolution ilikuwa tupu. Mtiririko wetu wa kazi haukuwa unaijaza, na bila hiyo `resolved` haina tarehe, kwa hiyo kadi inatoweka dakika ileile inapofungwa. Kabla hujaweka kichujio kama changu, tafuta kwanza `statusCategory = Done AND resolution IS EMPTY`. Kwetu zilitoka 640. Za zamani niliziacha, nikarekebisha mtiririko ili kila kadi inayoingia Done ijazwe Resolution yenyewe.

Bado ubao ulikuwa na kadi zaidi ya 1,400, nyingi zikiwa zile za Backlog. Hapo ndipo nilipopata nafuu kubwa kuliko zote: kwenye mipangilio ya safu niliihamisha hali ya Backlog kwenda Kanban backlog, nazo zikapata ukurasa wao pembeni. Ubaoni zikabaki kama 300, na sasa unafunguka kwa sekunde nne hivi kwenye mtandao wetu wa ofisini.

Safu nazo zilikuwa 11, nikazipunguza hadi tano. Huhitaji kufuta hali yoyote, kwani safu moja inabeba hali mbili au tatu. "Inasubiri kupimwa" na "Inapimwa" sasa zinakaa pamoja, na ukiburuta kadi kuelekea huko unachagua uiweke kwenye hali ipi. Wapimaji walinung'unika siku chache, wakazoea. Hapa pia niliteleza: hali moja niliisahau bila kuipa safu, na tiketi 17 zikawa hazionekani ubaoni. Ukimaliza kupanga, angalia kama kuna hali iliyobaki nje ya safu zote.

Kuweka tiketi kwenye kumbukumbu, yaani Archive, ndiyo hatua niliyoiacha mwisho, na ningeiacha mwisho tena. Kwanza ni huduma ya mpango wa Premium, na sisi tulikuwa Standard mpaka Juni. Pili, tiketi iliyowekwa huko haihaririki, haitokei kwenye utafutaji wa kawaida, na inatoka kwenye ripoti. Nilipozitoa zile za zaidi ya miaka miwili, chati ya kazi tulizomaliza ikapungua ghafla na bosi akataka maelezo. Zinarudishika, lakini siku hizi natoa nakala ya orodha kwenye lahajedwali kabla ya kubonyeza. Na ubao haukuongeza kasi hata sekunde moja, kwa sababu kichujio kilikuwa kimeshaziacha nje.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja naizuia kwa sababu ya zile 17: ubao haukunipa onyo lolote nilipokuwa nazificha.