Nilivyoweka nafasi ya kusuka kwa kutumia posti ya bei ya saluni

Saluni ninayosukia sasa iko Sinza, Dar es Salaam, na niliipata kwenye posti yake ya Instagram, ile ya picha nyingi unazotelezesha kwa kidole. Inaanza na yeboyebo, inafuata twende kilioni, kisha rasta za saizi tatu, na picha ya mwisho ina maelekezo ya kuweka nafasi kwa WhatsApp. Kila mtindo una namba yake pembeni, kwa hiyo huhitaji kuhangaika kuueleza msuko kwa maneno.

Kilichonipa imani ni kwamba picha zote zimepigwa mbele ya ukuta uleule wa kijani, na kichwa kinaonekana mpaka kisogoni, mistari yote wazi. Saluni nyingi huokota picha mtandaoni, ukifika unakuta msusi hajawahi kuusuka msuko huo.

Niliandika hivi: "Habari dada, naomba namba 4, urefu wa kiunoni, Jumamosi saa 3 asubuhi." Akajibu, "Karibu mpendwa. Nitumie picha ya nywele zako zilivyo sasa." Ombi hilo nililipenda sana, maana nywele fupi au zilizokatika mbele hazishiki rasta nyembamba bila kuvutwa, na kuvutwa ndiko kunakomaliza nywele za kwenye paji.

Sasa bei. Kwenye picha namba 4 imeandikwa 35,000, na chini kwa herufi ndogo mno: "ufundi tu". Rasta ni zako. Kwa urefu wa kiunoni nilihitaji pakiti 5 za 3,500, yaani 17,500, jumla 52,500. Hapo bado kufumua msuko wa zamani, 5,000, ambayo haimo kwenye picha hata moja. Nililipa 57,500 kwa msuko ambao mtu akitazama haraka anajua ni 35,000. Hili warekebishe: waandike bei ya ufundi, idadi ya pakiti kwa kila urefu, na kufumua. Nafasi ipo tele, Instagram inaruhusu hadi picha 20 kwenye posti moja.

Kianzio ni 10,000 kwa simu, na kinakatwa kwenye bei. Nilifika saa 3, saa 3 na robo nikawa kitini, Jumamosi! Kwa hilo tu nawapa alama zote.

Jambo jingine, namba yao ya WhatsApp imeandikwa ndani ya picha, kwa hiyo ukiigusa haifunguki, inabidi uiandike kwa mkono, na ukikosea tarakimu moja unamwandikia mtu mwingine kabisa. Wangeweka kiungo cha wa.me kwenye wasifu wao, mteja angegusa mara moja na kuanza kuandika. Nimeshawaambia. Msuko wenyewe uko imara, haukuniuma usiku wa kwanza, na nimeshaweka nafasi ya namba 2 kwa ajili ya mdogo wangu.