Jedwali la Markdown limenimezea neno, na halikusema kitu

Hasira bado haijanitoka, na majedwali ya Markdown, yale yanayoandikwa kwa alama za kawaida za kibodi, nayapa nyota mbili tu. Ofisini kwetu Mtwara tunatunza mwongozo wa kuingiza uzito wa korosho za vyama vya msingi kwenye mfumo. Ndani yake kulikuwa na jedwali dogo la kulinganisha faili mbili, limewekwa kama skrinishoti. Skrinishoti huwezi kutafuta neno ndani yake wala kurekebisha herufi moja, kwa hiyo nikapewa niigeuze maandishi. "Si unanakili tu hiyo picha?" bosi akasema, akaondoka. Nikaandika:

```
| Faili | Kitenganishi | Vichwa juu? |
|---|:---:|---|
| Ofisini | `,` | Ndiyo |
| Ghalani | `|` | Hapana |
```

Hebu itazame. Kila kilichokuwa kwenye picha kipo. Mstari wa vistari, ambao ni lazima, una safu tatu sawa na vichwa. Lakini ukurasa ulipotoka, Ghalani ilikuwa na kialama kimoja cha msimbo kwenye safu ya pili, kingine kwenye ya tatu, na "Hapana" haipo popote. Hakuna onyo, hakuna rangi nyekundu, hakuna chochote!

Sababu ni kwamba seli hukatwa kwanza, msimbo hutazamwa baadaye. Vile vialama nilivyozungushia havikingi kitu. Mstari wima wa katikati unahesabiwa kuwa ukuta wa seli. Zikawa seli nne wakati vichwa ni vitatu, na ya ziada hutupwa. Sasa nani alikaa akaona ni sawa kutupa maneno ya mtu kimyakimya? Markdown ya mwaka 2004 haikuwa na majedwali kabisa, yalipachikwa baadaye, na inaonekana.

Aliyegundua ni karani wa chama kimoja huko Tandahimba. Akapiga simu: "Kaka, mkulima wa kwanza mbona haonekani?" Kwa kuwa ukurasa haukumwambia lolote, alifuata maelezo ya faili la ofisini, akauruka mstari wa kwanza akidhani ni vichwa. Kumbe ni mtu na kilo zake.

Dawa yake ni mkwaju mmoja wa nyuma, ambao hauonekani msomaji akifungua ukurasa:

```
| Ghalani | `\|` | Hapana |
```

Nilikuwa nimeazimia kuandika kwamba msiguse kitu hiki, rudini kwenye picha. Ila juzijuzi lilipoongezeka faili la tatu, niliongeza mstari mmoja tu, na mwenzangu anayekagua akaona mstari huohuo mmoja umebadilika. Picha ingebidi itengenezwe upya yote. Basi nitaendelea na Markdown kwa majedwali madogo. Yenye seli zilizounganishwa siyapeleki huko, maana haina namna ya kuunganisha seli.

Lakini nyota siongezi. Mbili zinatosha, mpaka siku itakaponiambia kwamba imetupa kitu. Kwa sasa nafungua ukurasa kando ya skrinishoti na kusoma safu ya mwisho kwanza, toka juu hadi chini, kwa sababu ndiko maneno yanakopotelea.