Barua ya asante ya mwisho wa mwaka na kale ka NB ka chini (uzoefu wangu na kadi ya pointi)

Duka moja la mtandaoni ambalo nanunua kwao mwaka wa tatu huu, sitalitaja, walinitumia barua ya shukrani kwa imeili katikati ya Desemba. Mi barua za hivyo huwa nafuta bila kusoma ila hii nilifika mwisho. Haikuanza na "mpendwa mteja", iliniita jina, ikasema mwaka huu nimenunua mara 14, na ule mzigo wangu uliochelewa siku 9 wakautaja wenyewe wakaomba radhi. Hapo walinipata kabisa yaani. Aya nne, hakuna mapicha, hakuna kitufe cha nunua sasa.

Sasa chini kabisa, baada ya saini, kuna NB ya sentensi moja: kuanzia Januari unapata pointi mara mbili kwa kila ununuzi. Basi. Nikafurahi, nikamtangazia hadi mume wangu, halafu kwa ubishi wangu nikafungua linki ya masharti.

Zamani ukitumia 100 unapata pointi 1, na pointi 1 inakulipia 1, yaani unarudishiwa asilimia 1, hesabu ya mtoto. Sasa hivi 100 ni pointi 2, kweli hawajadanganya, ila huwezi kuzitumia mojamoja tena, mpaka zifike 500 ndo wanakupa vocha ya 200. Kufikisha 500 lazima utumie 25,000, na 200 kwenye 25,000 ni asilimia 0.8. Pointi zimeongezeka, mimi nimepunjwa 😅

Lakini hilo ningemeza. Kilichoniuma ni pointi 1,240 nilizokuwa nazo tayari. Nikawaandikia kuuliza zinahamaje, dada wa huduma kwa wateja akajibu siku hiyohiyo tena kwa adabu, kwamba zinahamia kama zilivyo. Maana yake nikizitumia kabla mwaka haujaisha zinanilipia 1,240, nikichelewa zinatoa vocha mbili, 400, na zile 240 zinakaa kusubiri wenzao. Na sasa zinakufa baada ya miezi 12, zamani hazikuwa zinakufa.

Sio wizi, yote yameandikwa huko kwenye masharti. Ila mtu anayekumbuka mzigo wangu ulichelewa siku ngapi anashindwaje kuniambia "maliza pointi zako kabla ya tarehe 31"? Barua naipa nyota 5, ofa nyota 2.

Ukipata ya kwako usihangaike na idadi ya pointi, tafuta unatakiwa utumie kiasi gani mpaka vocha ya kwanza, igawe vocha kwa hicho kiasi, linganisha na mwaka unaoisha, na uliza za zamani zinahesabiwaje. Zangu nilizimaliza tarehe 29, zimebaki 3.