Bia isiyo na kilevi: ipi umnunulie mjamzito, aliyeacha pombe na anayemeza dawa

Tulikuwa na sherehe ya kipaimara nyumbani kwetu Isevya, Tabora mjini. Kreti za bia na soda zilishughulikiwa na wengine, mimi nikapewa meza moja ya watu watatu ambao hawakutakiwa kugusa pombe. Wifi yangu alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mjomba alikuwa ameacha pombe miezi saba iliyopita na kila asubuhi alimeza kidonge cha disulfiramu. Baba mdogo alikuwa siku ya tatu ya dozi ya Flajili. Nikaambiwa, "Wewe wachukulie zile bia zisizo na kilevi, yaishe."

Muuza duka akanitolea makopo kutoka kwenye friji, akasema, "Hii haina kitu, dada, hata mtoto anakunywa." Nikaligeuza moja. Chini kabisa, pembeni ya ile mistari myeusi ya kuskani, kulikuwa na maandishi madogo kama punje za ulezi: 0.5%. Mbele, kwa herufi kubwa, kopo lilijitangaza kuwa halina kilevi. Na kisheria halikuwa linadanganya, maana katika nchi nyingi bia ikiwa na kilevi kisichozidi asilimia 0.5 inaruhusiwa kuitwa hivyo.

Kwa hiyo ukienda kununua, maneno ya mbele ya kopo yaache, tafuta namba. Utakutana na mbili: 0.0% na 0.5%. Kopo la mililita 330 lenye 0.5% lina kilevi mililita 1.65, yaani gramu 1.3 hivi. Bia ya kawaida ya chupa kubwa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Ukigawanya, makopo 15 ya ile ya 0.5% ndiyo yanafikia chupa moja ya bia. Ile ya 0.0% nayo mara nyingi haina sifuri kamili. Namba hukatwa, na ndani kinaweza kubaki kitu kisichofika asilimia 0.05, ambapo ungehitaji makopo kama 150 kufikia chupa hiyo hiyo.

Kinabaki kwa sababu bia hizi nyingi huanza kama bia kamili. Shayiri inaloweshwa, inachipua, inakuwa kimea, inachemshwa na kutiwa hamira ikachacha. Baadaye ndipo kilevi kinatolewa, ama kwa kuichemsha kwa joto dogo ndani ya chombo kilichopunguzwa hewa, ama kwa kuichuja kwenye utando mwembamba sana. Kilevi na maji vimeshikana, na kile cha mwisho ndicho kigumu kukitoa. Viwanda vingine havitoi kitu; vinakatisha uchachu mapema kabla hamira haijafanya kazi yake. Kwa mtu mzima mwenye afya, gramu 1.3 si jambo, maana hata mkate na juisi ya matunda vina chembe za kilevi. Ila wale watatu wangu kila mmoja alikuwa na sababu yake, na ndiyo maana sikuweza kuwanunulia kitu kimoja.

Nawapanga hivi vinywaji kuanzia ninachokiamini zaidi.

Cha kwanza ni malti, yaani maji ya kimea yaliyotiwa gesi bila kuchachushwa. Huku kwetu Grandi Malti na Azam Malti si vigeni. Kinywaji ambacho hakikuchachushwa hakina kilevi cha kuondolewa, na hilo ndilo linalokiweka juu ya bia zote za 0.0%. Kasoro yake ni sukari, na si kasoro ndogo. Angalia jedwali la nyuma, namba ya gramu za sukari kwa mililita 100, uzidishe kwa 3.3 ikiwa chupa ni ya mililita 330. Ukikuta 11, chupa nzima ina gramu 36, ambazo ni vijiko 9 vya chai. Mjamzito aliyeambiwa kliniki kwamba sukari yake imepanda, au mzee wa kisukari, asipewe malti eti kwa kuwa haina kilevi.

Cha pili ni bia ya 0.0% iliyofungwa kiwandani, na cha tatu, kwa umbali mkubwa, ni ya 0.5%. Ya 0.5% naiona inamfaa mtu anayetaka kupunguza pombe tu, hana mimba, hana dawa, hana historia ya kutawaliwa na chupa. Makopo haya mengi yanatoka nje na bei yake huwa juu ya malti, kwa hiyo ukilipa hiyo hela hakikisha umeisoma namba mwenyewe.

Cha mwisho nakiweka nje ya orodha kabisa, na najua kitawaudhi wengi: togwa ya nyumbani iliyolala, na wanzuki. Togwa ikiwa mpya, ya siku ile ile, ni uji uliotiwa kimea ukawa mtamu na mchachu kidogo, na sina neno nayo. Lakini hakuna aliyeizuia hamira ya hewani isiingie. Kwa joto letu la Oktoba, kesho yake inaanza kuchemka yenyewe. Utaijua: kifuniko cha dumu kinapumua ukikilegeza, povu linapanda pembeni, harufu inachoma pua, na ukimeza unasikia kifua kinapata moto. Hiyo sasa ni pombe, na hakuna lebo itakayokuambia ni asilimia ngapi. Wanzuki ndiyo usiseme. Tabora tuna asali nyingi, na mtu anakukaribisha kwa moyo mweupe kabisa, "Kunywa mwanangu, ni asali na maji tu." Asali na maji vikishachacha ni pombe kamili. Mjamzito asionjeshwe hata funda moja.

Tukirudi kwa wifi yangu. Kilevi anachokunywa mama kinapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye ini lake bado halijaweza kukivunja kama la mama. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha pombe kinachojulikana kuwa salama wakati wa mimba. Kwa hiyo ya 0.5% niliifuta kwake bila kujadili. Je, 0.0%? Mama aliyekunywa kopo moja hana sababu ya kukosa usingizi. Ila mimi sikuichagua, kwa sababu moja. Mwaka 2010 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya kupima vinywaji 45 vilivyouzwa kama visivyo na kilevi au vyenye kidogo sana, na 13 vilikuwa na kilevi kuliko kilichoandikwa. Kama kuna malti na kuna maji ya madafu au ya matunda, sioni kwa nini mtoto awekwe kwenye hesabu hiyo. Wifi sukari yake ilikuwa sawa kliniki. Nikamchukulia malti mbili, na akainywa moja.

Mjomba ndiye aliyenifikirisha sana. Disulfiramu inazuia kimeng'enya kinachomalizia kukisafisha kilevi mwilini. Mtu akikinywa, sumu iitwayo asetaldehidi inajikusanya: uso unawaka, moyo unadunda, kichwa kinagonga, anatapika, na wengine huzidiwa hata kupelekwa hospitali. Kuna watu wanaopata shida hiyo kwa kiasi kidogo mno, ndiyo maana huambiwa wajihadhari hata na dawa za kikohozi zenye kilevi na maji ya kusukutulia mdomo. Makopo matatu ya 0.5% kwenye sherehe ndefu ni karibu gramu 4 za kilevi. Simpi mtu wa dawa hiyo. Na akiacha kumeza, dawa inaweza kuendelea kufanya kazi hadi siku 14, kwa hiyo "nimeacha kidonge tangu juzi" si ruhusa.

Lakini hata angekuwa hamezi kitu, bado nisingempa bia ya 0.0%. Hapa tatizo halipo kwenye gramu. Nililiona siku ile ile. Binamu yangu, kwa nia njema, alimletea chupa ya kijani ya 0.0%, imetoka jasho la barafu. Mjomba akaishika. Kidole gumba kikaanza kubandua lebo pembeni taratibu, kama alivyokuwa akifanya miaka yote baa. Akaifungua, ikatoa ule mlio, akainusa. Hakuinywa. Aliirudisha mezani akasema, "Mwanangu, hii inanikumbusha," akaenda kukaa chini ya mwembe. Harufu, povu, uchungu wa mdomoni, hata mshiko wa chupa, vyote ubongo wa mtu aliyekuwa mraibu umevifunga pamoja na pombe, na vinaweza kuiamsha hamu pasipo tone la kilevi. Wapo walioacha ambao 0.0% inawasaidia kukaa na wenzao, hilo sikatai. Huyo aamue mwenyewe, miezi ya kwanza ikishapita, pamoja na mhudumu anayemfuatilia, na ainywe nyumbani, isiwe baa ambako chupa zinafanana na ya pili inaweza kuletwa kimakosa. Wewe mnunuzi usimwamulie. Mjomba nilimpelekea soda ya tangawizi na glasi, akarudi mezani.

Baba mdogo alikuwa rahisi. Karatasi ya metronidazoli, ambayo ndiyo Flajili, humwonya mtu asinywe pombe wakati wa dozi na siku mbili au tatu baada ya kidonge cha mwisho. Ushahidi wa onyo hilo umetiliwa shaka miaka ya karibuni, ila kusubiri siku chache hakumgharimu mtu. Malti ilimtosha.

Kuna kundi moja la dawa ambalo wauzaji wengi hawalijui. Anayetibiwa kifua kikuu sugu anaweza kuwa anatumia linezolidi. Bia iliyochachushwa ina kitu kiitwacho tiramini, na kuondoa kilevi si kuiondoa tiramini. Ikikutana na dawa hiyo inaweza kupandisha presha ghafla, kwa maumivu makali ya kichwa na moyo kwenda mbio. Kwa mgonjwa huyo hata 0.0% iwekwe kando mpaka amuulize daktari wake, na hapo malti isiyochachushwa inarudi tena juu ya orodha.

Jambo la dukani: ukiomba "isiyo na kilevi," utapewa chochote kilicho karibu. Omba kwa namba, sema "nataka sifuri nukta sifuri," kisha geuza kopo kabla ya kulipa, uangalie na tarehe ya kuisha. Na kwenye sherehe usiyachanganye makopo haya na bia kwenye beseni moja la barafu. Kwetu nilitenga beseni la bluu nikaliweka jikoni, mbali na la bia, nikamwambia mtoto mmoja mkubwa asiruhusu mtu mwingine kutoa humo.